Maji ya chokaa hayawezi kuwa na pH 1.52: kusoma makosa ya mwanafunzi katika hesabu za pH

Swali ni hili: gramu 1.11 za chokaa safi iliyozimwa, Ca(OH)₂, zimeyeyushwa majini hadi myeyusho ukafika lita 1, kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi. Tafuta pH yake. Jibu ni 12.48.

Nimewapa swali hili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada hapa Lamu mara nyingi, na sijajuta kuchagua chokaa. Kila mmoja wao anaijua. Nyumba za mji wa kale zimepigwa lipu ya chokaa iliyotokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa, na aliyekulia karibu na mzee anayekula tambuu anajua kwamba chokaa ikizidi kwenye jani, ulimi unababuka. Kwa hivyo mwanafunzi akiniandikia kwamba maji ya chokaa yana pH 1.52, sifikirii kwamba haijui chokaa. Kuna mahali ndani ya hesabu alipoteleza, na mara nyingi namba aliyoiacha inatosha kuonyesha ni wapi.

Nawaandikia walimu wenzangu wanaokaa na rundo la karatasi usiku na kuona jibu baya moja likijirudia, lingine likitokea mara moja tu, na mwongozo wa kusahihisha ukisema tu "12.48, alama 4". Mwongozo wa namna hiyo haumsaidii mwalimu wala mwanafunzi. Tuanze na njia iliyo sawa, kwa sababu kila kosa tutalipima kwa umbali wake kutoka hapo. Moli moja ya Ca(OH)₂ ni gramu 74, basi gramu 1.11 ni moli 0.015. Kila moli ya chokaa ikiyeyuka inatoa moli mbili za ioni za haidroksidi. Kisha:

```
[OH⁻] = 2 × 0.015 = 0.030
pOH   = −log 0.030 = 1.52
pH    = 14.00 − 1.52 = 12.48
```

Mwingine atapita njia ya pili: agawanye 1.0 × 10⁻¹⁴ kwa 0.030, apate [H⁺] = 3.3 × 10⁻¹³, halafu achukue logi na kuigeuza alama. Atafika palepale. Mimi nagawa alama nne hivi: moja ya moli, moja ya kuzidisha kwa mbili, moja ya kuvuka kutoka OH⁻ kwenda H⁺, na moja ya logi pamoja na jibu.

Dalili: jibu liko chini ya 7

Hii ndiyo inayotokea zaidi. Karatasi inasema 1.52, au 1.82. Kabla ya kusoma hatua zake, toa jibu lake kwenye 14. Ukipata 12.48, hesabu yote ni nzima isipokuwa kule kuvuka. Ukipata 12.18, kuna makosa mawili: hakuvuka, na pia hakuzidisha kwa mbili. Kutoa huku kunachukua sekunde chache na kunatenganisha kosa la kemia na kosa la hesabu, mambo ambayo katika karatasi ya mwanafunzi huwa yameshikana.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu 1.52 moja inaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Mimi kwa muda mrefu nilivipa vyote alama sawa, na sasa naona nilikosea.

Wa kwanza ameandika wazi "[H⁺] = 0.030". Huyu ameamini kwamba ukolezi wowote anaopewa ni wa ioni za hidrojeni. Ukimuuliza fomula ya pH atakuambia, "Mwalimu, ni hasi logi ya ukolezi." Ukolezi wa nini? Hapo ananyamaza. Amehifadhi fomula ikiwa na mabano matupu, na kila swali anajaza mabano kwa namba ya mwisho aliyoipata. Kumrudishia karatasi yenye maneno "toa kwenye 14" hakutamsaidia, kwa sababu hajui kwa nini anatoa. Wiki ijayo atatoa na pale pasipohitajika.

Wa pili ameandika "[OH⁻] = 0.030" vizuri kabisa, na mstari unaofuata ni "pH = −log 0.030". Lebo imeanguka njiani. Anajua ioni aliyonayo, ila hakuibeba hadi mstari wa pili. Dalili yake ni kwamba katika karatasi nzima mistari yake ni mifupi na namba hazina majina. Dawa yake ni ya mkono kuliko ya akili: nawalazimisha waandike alama ya ioni ndani ya logi, `−log[OH⁻]`, kabla ya kuweka namba. Akishaandika hivyo, upande wa kushoto hawezi kuandika pH bila jicho lake kugoma.

Wa tatu ameandika "pOH = 1.52" na akasimama. Amepiga mstari chini ya jibu. Huyu anajua kila kitu, amesahau swali liliuliza nini. Namkata alama moja, ya kuvuka, na ile ya logi nampa, maana logi yake ni sahihi na jina aliloipa namba ni sahihi.

Wa kwanza na wa pili nawakata alama mbili. Wenzangu wengine hawakubaliani nami kwa huyu wa pili. Wanasema logi yake ni sawa na ile ya yule wa tatu, basi naye apate tatu. Nimelifikiria sana. Alama ya nne kwangu ni ya jibu lenye maana, na mtu anayeandika kwamba chokaa ya tambuu ina pH karibu na ya juisi ya ndimu, bila kushtuka, hajafika kwenye jibu. Yule wa tatu hakusema hivyo; alisema pOH ni 1.52, na hiyo ni kweli.

Dalili: jibu ni sahihi, lakini hujui kama mwanafunzi anajua

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo nilipodanganywa zaidi. Ukishawaonya darasa zima juu ya 1.52, mtihani unaofuata wengi watapata 12.48, nawe utafurahi. Kisha weka chini yake swali la asidi: asidi ya haidrokloriki ya moli 0.020 kwa lita, tafuta pH. Jibu ni 1.70. Utashangaa idadi ya watakaoandika 12.30.

Wamechukua −log 0.020 wakapata 1.70, halafu wakatoa kwenye 14, kwa sababu safari iliyopita walikatwa alama kwa kutokutoa. Kutoa kumekuwa ada. Na hilo linamaanisha kwamba 12.48 yao ya swali la chokaa haikuwa ushahidi wa kitu chochote: wangeitoa hata kama chokaa ingekuwa siki.

Tiba niliyoiona ikifaa ni kuandika neno moja kabla ya namba yoyote. Juu ya kila swali mwanafunzi anaandika "asidi" au "besi", na pembeni yake "chini ya 7" au "juu ya 7". Hakuna alama kwa maneno hayo, lakini nayasoma kwanza. Aliyeandika "asidi, chini ya 7" kisha akaleta 12.30 amejipinga mwenyewe kwenye karatasi moja, na nikimrudishia naweka duara kwenye maneno yake mwenyewe bila kuongeza langu. Aliyeandika "besi" mbele ya asidi ya haidrokloriki ana shida nyingine kabisa, na hesabu haihusiki.

Kwa hivyo usitoe swali la besi peke yake. Yaweke mawili, besi na asidi, tena yasifuatane kwa mpangilio uleule kila mara.

Dalili: tofauti ni 0.30 kamili

Karatasi inasema 12.18. Tofauti na 12.48 ni 0.30, na 0.30 ni logi ya 2. Basi kuna 2 iliyopotea mahali: hakukumbuka kwamba Ca(OH)₂ ina haidroksidi mbili. Alama moja inakwenda, tatu zinabaki, kwa sababu kila alichokifanya baada ya hapo kilifuata sawasawa kutoka kwenye 0.015 yake. Akileta 11.88, tofauti ni 0.60: ile mbili ameikumbuka lakini amegawanya nayo badala ya kuzidisha.

Kuna faida ya kuwaonyesha wanafunzi jambo hili ubaoni. Wengi wanadhani ukolezi ukipungua nusu pH nayo itapungua nusu, kwamba maji ya chokaa yenye 12.48 ukiyaongezea maji hadi ujazo uwe mara mbili yatakuwa 6.24, yaani asidi. Hesabu inasema yatakuwa 12.18. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Lakini, Mwalimu, mbona ni kidogo hivyo?" Nikamwomba aendelee kugawanya kwa mbili mwenyewe na kuhesabu ni mara ngapi hadi pH ishuke kwa 1. Alihesabu tatu na kitu, akaelewa kwamba inahitajika mara kumi kamili. Tangu hapo sikumwona tena akigawanya pH.

Dalili: jibu liko juu ya 7 lakini ni geni: 11.52, 10.49, 13.48, 15.52

Hapa tumeingia kwenye logi yenyewe. Kemia iko sawa. Mwanafunzi anajua ni besi, amezidisha, amevuka. Namba ndiyo imeharibika, na kila namba ina asili yake.

11.52 ilinisumbua muda mrefu hadi nilipomkuta mwanafunzi akitumia jedwali la logi badala ya kikokotoo. Wengi wetu tulijifunza logi katika hesabu za sekondari kwa jedwali la tarakimu nne, na katika jedwali logi ya namba iliyo chini ya 1 huandikwa kwa baa: 0.030 ni 3.0 × 10⁻², kwa hiyo logi yake ni baa 2 nukta 4771. Kistari kile kiko juu ya 2 peke yake. Maana yake ni hasi 2 jumlisha 0.4771, yaani −1.5229. Mwanafunzi wangu alikisoma kistari kama alama ya hasi ya namba nzima, akapata −2.4771, akageuza alama, akaandika pOH = 2.48, akatoa kwenye 14. Ndiyo 11.52. Kama pia hakuvuka, utaona 2.48.

Kosa hili lina ubaya mmoja: linajificha. Ukilitega swali kwa ukolezi wa 0.010, logi kwa jedwali ni baa 2 nukta 0000, na ukisoma kistari vibaya bado unapata −2. Mwanafunzi atapata alama zote na wewe hutajua. Namba za aina ya 0.1, 0.01 na 0.001 zinaficha pia wale wanaodhani pH ni kile kipeo cha 10 tu, wanaoangalia 3.0 × 10⁻² na kuandika 2 bila kutumia logi kabisa. Namba hizo zinafaa siku ya kwanza ya somo. Kwenye mtihani usizitumie. Nilichagua gramu 1.11 makusudi ili ukolezi uwe 0.030, ambao desimali ya logi yake, 0.4771, haiwezi kupuuzwa.

Dawa ya baa ni kumtaka mwanafunzi afungue baa kwa maandishi kabla ya kuendelea: "−2 + 0.4771 = −1.5229". Mstari mmoja unatosha. Wapo watakaosema jedwali limepitwa na wakati na kila mtu sasa ana kikokotoo. Hapa kwetu si kila mtu, na hata mwenye kikokotoo anaweza kuwa amefundishwa na aliyezoea baa.

10.49 ni kitufe. Amebonyeza `ln` badala ya `log`. Logi asilia ya 0.030 ni −3.51, na 14 kutoa 3.51 ni 10.49. Njia ya kuthibitisha: gawanya pOH yake kwa 2.303. Ukipata 1.52, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Namkata alama moja, ya mwisho, na naandika pembeni "log, si ln". Hili halihitaji mazungumzo marefu.

13.48 iko mbali kwa 1.00 kamili. Tofauti ya 1 maana yake kuna kumi iliyozidi au iliyopungua. Mara nyingi ni kitufe cha `EXP`. Kitufe hicho chenyewe tayari kina maana ya "mara kumi kwa kipeo cha". Mwanafunzi akiandika 3 × 10 kisha `EXP` kisha −2, ameingiza 0.30 badala ya 0.030. Wakati mwingine hakuna kikokotoo kabisa, ni nukta ya desimali tu iliyosogea wakati wa kugawanya 1.11 kwa 74. Angalia mstari wa moli: ukiona 0.15, ni desimali, na alama inayokatwa ni ile ya moli. Ukiona 0.015 na 0.030 zimekaa sawa, ni kitufe, na alama inayokatwa ni ile ya mwisho.

15.52 ni alama ya hasi. Amechukua log 0.030 akapata −1.52, hakuigeuza, akaiita pOH, halafu 14 kutoa hasi 1.52 ikawa 15.52. Hapa nataka tuwe waangalifu kabla ya kukata, kwa sababu kuna ndugu yake anayefanana naye. Mwanafunzi mwingine ataandika "log[OH⁻] = −1.52" na chini yake "pH = 14 + (−1.52) = 12.48". Mwalimu aliyechoka ataona −1.52 na kujumlisha, akate. Lakini hiyo ni kweli tupu: pH ni sawa na 14 jumlisha logi ya ukolezi wa haidroksidi. Ni njia fupi kuliko ya mwongozo. Alama zote nne ni zake. Akiwa ameandika "pOH = −1.52" halafu akajumlisha, jina la pOH amelikosea lakini hesabu ni nzima, nampa zote na nasahihisha jina kwa kalamu.

Kuna jibu moja la mwisho katika kundi hili linalopita kimyakimya: 14.00, au 13.995. Vikokotoo vingine vya zamani havifungui mabano vyenyewe baada ya `log`. Mwanafunzi akibonyeza log 3 × 10 kwa kipeo cha −2, kikokotoo kinachukua logi ya 3 tu, 0.4771, kisha kinaizidisha kwa 0.01. Anapata 0.0048. Akitoa kwenye 14 anapata 13.995 na jibu linaonekana kama la besi kali, hivyo hashtuki. Ukiona 14.00 kwa swali kama hili, mwombe afanye tena mbele yako akiweka mabano.

Dalili: kurudi nyuma kunatoa namba kubwa kupita kiasi, au iliyozidi karibu mara kumi

Sehemu ya pili ya swali langu huwa inageuza safari: "Myeyusho una pH 12.48. Ukolezi wa ioni za hidrojeni ni kiasi gani?" Jibu ni 3.3 × 10⁻¹³.

Anayeandika 3.0 × 10¹² amesahau alama ya hasi kwenye kipeo. Huyu namuuliza swali moja tu: lita moja ya maji matupu ina moli ngapi za maji? Ni kama 55. Basi moli trilioni tatu za hidrojeni zitakaa wapi ndani ya lita hiyo? Sijawahi kumwona mtu akirudia kosa hili baada ya swali hilo.

Anayeandika 3.0 × 10⁻¹² ni yule yule wa baa, amerudi kwa mlango wa nyuma. Amechukua −12.48 akaiona kama baa 12 nukta 48, akatafuta namba ambayo logi yake ni 0.48, akapata 3.0. Ilipasa aivunje −12.48 iwe −13 jumlisha 0.52, ndipo apate 3.3 na kipeo cha −13. Linganisha na sehemu ya kwanza ya karatasi yake. Kama kule pia ameandika 11.52, basi amekosea jambo moja mara mbili, na mimi sikati mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Nakata pale lilipoanza. Lakini kama kule alitumia kikokotoo akapata 12.48 na huku akatumia kichwa, hili ni kosa jipya na lina alama yake.

Na anayeandika 0.030 amejibu swali la OH⁻. Rudi kwenye dalili ya kwanza kabisa.

Dalili inayoonekana kama kosa, kumbe si kosa

Mwaka mmoja swali langu halikuwa na maneno "kwa nyuzijoto 25". Karatasi moja ilikuja na 12.31. Nilitoa kwenye 14, nikapata 1.69, haikulingana na kosa lolote ninalolijua. Tofauti na jibu sahihi ilikuwa 0.17, si logi ya namba yoyote iliyokuwa ndani ya swali. Hatua zake zilikuwa safi: moli 0.015, haidroksidi 0.030, pOH 1.52, halafu ghafla "13.83 − 1.52". Nilikata alama moja na kuandika "14!" kwa kalamu nyekundu.

Alikuja kuniona baada ya kipindi, kwa adabu, akiwa na daftari la maabara. Wiki mbili kabla tulikuwa tumepima maji ya chokaa kwa kipima pH katika chumba chetu chenye joto la nyuzi 30, na kipima kilikuwa kimesoma chini kuliko hesabu. Alikuwa amekwenda kutafuta sababu. Ile 14 ni ya nyuzi 25, ambapo zao la ukolezi wa H⁺ na OH⁻ ni 1.0 × 10⁻¹⁴. Maji yakipata joto zao hilo linakua. Kwa nyuzi 30 ni karibu 1.5 × 10⁻¹⁴, na jumla ya pH na pOH inashuka hadi 13.83. Swali langu halikutaja joto, naye alitumia joto la chumba alichokaa.

Nilimweleza jambo moja ambalo hakulijua: hata kwa nyuzi 25 kipima hakilingani na hesabu yetu kwa chokaa. Maji ya chokaa yaliyoshiba, yenye kama moli 0.020 kwa lita, yanasoma 12.45 kwa joto hilo, ilhali hesabu yetu ingetoa 12.60 au zaidi kidogo. Katika myeyusho ulio mzito hivyo ioni za kalsiamu na haidroksidi zinavutana, nyingine zinashikana, na kipima kinasoma kana kwamba haidroksidi ni chache kuliko tulivyohesabu. Kwa mwaka wa kwanza tunahesabu kana kwamba zote ziko huru, na hilo linapaswa kusemwa darasani kabla hawajaingia maabara, la sivyo watadhani wamekosea logi na kuanza kurekebisha jibu lililo sawa.

Nilifuta ile "14!" na kumrudishia alama yake. Swali nalo likapata maneno "kwa nyuzijoto 25", na katika mwongozo wangu wa kusahihisha, chini ya 12.48, nikaongeza mstari: pale swali lisipotaja joto, 12.31 ikubaliwe kama mwanafunzi ametaja nyuzi 30 na kuonyesha 13.83.